Hipu binari na mti wa kutafutia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nayapata karibu kila wiki kutoka kwa wanaojifunza kuprogramu, na mengi yanatoka kwenye mkanganyiko mmoja tu: mtu akiona picha ya hipu anaona mti wenye matawi mawili mawili, akiona mti wa kutafutia anaona mti wenye matawi mawili mawili, basi anadhani ni ndugu wa tumbo moja. Mfano natumia mmoja mwanzo mpaka mwisho, foleni ya meseji za kukumbusha wagonjwa miadi yao, kazi ambayo niliifanya mwenyewe. Kila namba utakayoiona ni dakika tangu saa 2 asubuhi, kwa hiyo 12 ni meseji ya kutoka saa 2 na dakika 12, na 55 ni ya saa 3 kasoro dakika 5. Ndogo ndiyo inatoka kwanza.

Hivi hipu binari ni nini hasa?

Ni mti wenye masharti mawili tu. La kwanza ni la thamani: mzazi asiwe mkubwa kuliko watoto wake. La pili ni la umbo: mti uwe kamili, yaani kila ngazi imejaa kabla ya kuanza ngazi inayofuata, na ngazi ya mwisho inajazwa kuanzia kushoto bila kuruka nafasi. Fikiria safu za swala msikitini, hakuna anayeanza safu ya pili wakati ya kwanza ina mapengo, ila kwenye hipu kila safu inaanzia kushoto na inabeba watu mara mbili ya iliyotangulia.

Hapo naongelea hipu ya ndogo juu. Ukitaka kubwa iwe juu unageuza alama ya kulinganisha, mengine yote yanabaki vile vile. `heapq` ya Python inaweka ndogo juu, `PriorityQueue` ya Java pia, lakini `priority_queue` ya C++ usipoiambia kitu inaweka kubwa juu, na hapo watu wanaohama lugha huumia.

Angalia vizuri lile sharti la kwanza limenyamazia nini. Halisemi chochote kuhusu mtoto wa kushoto na wa kulia, nani mkubwa nani mdogo. Ndugu hawapangwi kabisa. Huo unyamavu ndio unaozaa karibu kila jibu hapa chini.

Mti uko wapi wakati mimi naona arei tu?

Mti uko kwenye hesabu ya indeksi. Chukua arei hii:

```
indeksi:  0   1   2   3   4   5   6
thamani: 12  25  18  40  31  22  55
```

Isome ngazi kwa ngazi. 12 ndiyo mzizi, peke yake. Ngazi inayofuata ni 25 na 18. Ya chini ni 40, 31, 22 na 55, ambapo 40 na 31 ni watoto wa 25, halafu 22 na 55 ni watoto wa 18. Ukianza kuhesabu na 0, mwenye indeksi `i` watoto wake wako `2*i + 1` na `2*i + 2`, na mzazi wake yuko `(i - 1) // 2`, ile mistari miwili ikimaanisha gawanya uache mabaki.

Hakuna pointa hata moja. Nodi haikumbuki mzazi wake wala watoto wake, anwani zinapigwa hesabu papo hapo. Kwenye mti wa kawaida wa pointa, kila nodi inabeba pointa ya kushoto na ya kulia, mara nyingi na ya mzazi, na kwenye mashine ya biti 64 hizo tatu ni baiti 24 ambazo hujaweka data yako bado. Nodi milioni moja ni kama megabaiti 24 za kuonyeshana njia tu.

Kosa linalorudi rudi hapa ni kuchanganya fomula. Maelezo mengi yanahesabu kuanzia 1, ambapo watoto wako `2*i` na `2*i + 1` na mzazi ni `i // 2`. Ukichukua hizo ukazitumia kwenye arei inayoanza na 0, mtoto wa kushoto wa mzizi anakuwa `2*0`, yaani mzizi mwenyewe. Programu haitalia popote, itakupa majibu ya ajabu tu, na utakaa nayo mpaka usiku. Chagua moja na ushikamane nayo.

Kwa nini lazima mti uwe kamili? Nikiacha pengo kuna shida gani?

Hesabu ya indeksi inakufa. Fomula ya `2*i + 1` inategemea kwamba kila nafasi iliyotangulia ina mwenyewe. Ukiwa na mti ulioegemea upande mmoja, mfano mnyororo wa nodi 20 unaoenda kulia tu, nodi ya mwisho ingehitaji kukaa kwenye indeksi ya zaidi ya milioni moja, na visanduku vyote katikati vingekuwa vitupu. Arei ya milioni kwa ajili ya vitu 20.

Ukamilifu unakupa pia urefu wa uhakika. Vitu 7 ni ngazi 3, vitu milioni moja ni ngazi 20, na hakuna mpangilio wa data, hata uwe mbaya vipi, unaoweza kuurefusha mti zaidi ya hapo.

Kuingiza kitu kipya kunaendaje?

Tuseme mgonjwa mpya kaingia na meseji yake ni ya dakika 15. Nafasi ya kuongeza bila kuvunja umbo ni moja tu, mwisho wa arei, indeksi 7. Unaiweka hapo kwanza, halafu unaangalia mzazi: `(7 - 1) // 2` ni 3, na indeksi 3 ina 40. 40 ni kubwa kuliko 15 kwa hiyo wanabadilishana. Sasa 15 iko indeksi 3, mzazi wake ni indeksi 1 yenye 25, wanabadilishana tena. Sasa iko indeksi 1, mzazi ni 12 pale juu, na 12 ni ndogo, basi tunasimama.

```
12  15  18  25  31  22  55  40
```

Hatua mbili. Na ona kwamba upande wote wa kulia, 18 na 22 na 55, haukuguswa wala haukuulizwa. Kitu kinapopanda kinapita kwenye njia moja tu kuelekea mzizi, na kwenye vitu milioni njia hiyo ina hatua 19 zikizidi sana.

Na kutoa?

Kinachotolewa siku zote ni cha juu, 12. Sasa pale juu pamebaki shimo, na wengi akili inawatuma wapandishe mtoto mdogo azibe, halafu mtoto wake azibe, mpaka chini. Ukiishia hapo shimo linashukia popote kwenye ngazi ya mwisho, mara nyingi katikati, na ukamilifu umeondoka. Ndiyo maana tunafanya kinyume: tunachukua wa mwisho kabisa kwenye arei, yule 40, tunamweka juu, arei inapungua kisanduku kimoja, halafu tunamshusha mpaka atulie.

```
40  15  18  25  31  22  55
```

Watoto wa 40 ni 15 na 18. Unabadilishana na mdogo kati yao, 15. Sasa 40 iko indeksi 1, watoto ni 25 na 31, unabadilishana na 25. Sasa iko indeksi 3, watoto wangekuwa indeksi 7 na 8 ambazo hazipo, tumemaliza.

```
15  25  18  40  31  22  55
```

Hapa kwenye "mdogo kati yao" ndipo msimbo wa wanafunzi wengi unapovunjika. Ukibadilishana na mtoto yeyote aliye mdogo kuliko wewe bila kumlinganisha na nduguye, ukampandisha 18, basi 18 inakuwa mzazi wa 15 na sharti limevunjika palepale juu. La pili ni kusahau kwamba nodi inaweza kuwa na mtoto wa kushoto tu bila wa kulia. Hiyo inatokea kwa nodi moja tu kwenye hipu nzima, na pale tu idadi ya vitu inapokuwa shufwa, kwa hiyo ukijaribu kwa orodha za vitu 7 au 15 hutaliona kabisa. Jaribu na vitu 6 na 8 pia.

Sasa inatofautiana vipi na mti wa kutafutia?

Mti wa kutafutia unaahidi zaidi. Kwenye kila nodi, vyote vilivyo kushoto ni vidogo kuliko yeye na vyote vilivyo kulia ni vikubwa kuliko yeye, na wala siyo watoto tu, ni ukoo mzima wa chini. Hipu inapanga juu kwa chini, mti wa kutafutia unapanga kushoto kwa kulia.

Namba zetu saba za mwanzo kwenye mti wa kutafutia uliosawazika zingekaa hivi: mzizi 25, kushoto kwake 18 yenye watoto 12 na 22, kulia kwake 40 yenye watoto 31 na 55. Ukitafuta 31 unauliza 25, ni ndogo, nenda kulia, unauliza 40, ni kubwa, nenda kushoto, umefika. Maswali matatu, na kila swali limekata nusu ya mti. Ukipita kushoto, mwenyewe, kulia, unapata orodha nzima imepangika: 12, 18, 22, 25, 31, 40, 55.

Tafuta hiyo hiyo 31 kwenye hipu yetu ya mwanzo. Juu kuna 12, ndogo kuliko 31. Sawa, niende wapi? Kushoto kuna 25, kulia kuna 18, zote ndogo kuliko 31, na 31 inaweza kuwa chini ya yoyote. Hipu haina la kukwambia. Unachoweza ni kuruka matawi ambayo mzazi wake tayari kazidi 31, lakini hilo linasaidia ukitafuta namba ndogo tu, ukitafuta kubwa utapita karibu arei nzima.

Kwa upande wa pili, ndogo kabisa kwenye hipu iko indeksi 0, unaisoma bila kutembea. Kwenye mti wa kutafutia iko kule mwisho kushoto, mpaka uishukie.

Kama arei ni nzuri hivyo, mbona mti wa kutafutia hauwekwi kwenye arei kwa mtindo huo huo?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake ningependa ulifanye kwa kalamu na karatasi. Chukua namba 1 mpaka 7, zipange kama mti wa kutafutia uliokamilika, ndani ya arei:

```
4  2  6  1  3  5  7
```

Safi kabisa. Sasa ongeza 8, na mti ubaki kamili na ubaki wa kutafutia. Umbo la nodi nane ni moja tu, nafasi mpya ni indeksi 7, mtoto wa kushoto wa indeksi 3, yaani kona ya kushoto kabisa chini. Na kwenye mti wa kutafutia kona ya kushoto kabisa ni ya nani? Ya ndogo kuliko wote. Kwa hiyo 1 lazima ihamie hapo, 2 ichukue nafasi ya 1, 3 ichukue ya 2, na kuendelea. Inatoka hivi:

```
5  3  7  2  4  6  8  1
```

Linganisha namba moja moja na ile ya juu. Zote saba zimehama, hakuna hata moja iliyobaki mahali pake, na yote kwa ajili ya kuongeza kitu kimoja. Kwa vitu milioni ungehamisha milioni.

Fanya hivyo hivyo na hipu ya 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7. Nane inakaa indeksi 7, mzazi wake ni 4, 4 ni ndogo, kwisha. Hakuna aliyehama.

Kwenye mti wa kutafutia kila thamani ina mahali pake kulingana na nyingine zote, ukilazimisha na umbo juu yake, mpangilio halali unabaki mmoja tu na huna pa kugeukia. Hipu imeahidi kidogo, namba zile zile saba zinaweza kukaa kwa namna nyingi zote halali, kwa hiyo kuna nafasi ya kuhamisha wachache tu na mambo yakakaa sawa. Mti wa kutafutia ukalazimika kuachia umbo, ukatumia pointa, na ukishaachia umbo unakutana na tatizo jipya: ukiingiza 1, 2, 3 mpaka 7 kwa mfuatano bila kusawazisha unapata mnyororo wa ngazi saba. Ndipo ikabidi itengenezwe miti inayojisawazisha yenyewe, wa kwanza ni ule wa AVL wa Adelson-Velsky na Landis mwaka 1962, na siku hizi `TreeMap` ya Java inatumia ule wa nyekundu na nyeusi. Hiyo kazi yote ya kuzungusha matawi hipu haina.

Nimeprinti hipu yangu haijapangika. Ina bagi?

Pengine haina. Mimi hili lilinipata kwenye ile kazi ya meseji. Kituo cha afya kilitaka skrini mapokezi ionyeshe meseji tano zinazofuata, na mimi nikaandika `foleni[:5]` nikaondoka. Baada ya siku chache dada wa mapokezi akanipigia, "Kaka, hii orodha yako inaruka watu." Nikabisha kwanza, manake meseji zenyewe zilikuwa zinatoka kwa mpangilio sahihi, nilikuwa nimekagua.

Alikuwa sahihi. Rudi kwenye arei yetu ya vitu nane: 12, 15, 18, 25, 31, 22, 55, 40. Kata tano za kwanza unapata 12, 15, 18, 25, 31. Tano za kweli ni 12, 15, 18, 22, 25. Yule wa 22 hayupo kwenye skrini, na wa 31 kapewa nafasi isiyo yake. Na hipu haina kosa lolote, 22 iko chini ya 18 kama inavyotakiwa, ni kwamba tu tawi la kulia lina wadogo zaidi na arei inasomwa ngazi kwa ngazi.

Uhakika wa mpangilio unaishia kwa wa kwanza. Wa pili yuko indeksi 1 au 2, wa tatu anaweza kuwa popote kuanzia indeksi 1 mpaka 6, na kila unavyoendelea eneo linapanuka. Dawa ni `heapq.nsmallest(5, foleni)`, au kwa foleni ndogo `sorted(foleni)[:5]` inatosha kabisa. Java nayo ni hivyo hivyo, ukipita kwenye `PriorityQueue` kwa kitanzi cha `for` hupati mpangilio, mpaka uwatoe kwa `poll()` mmoja mmoja.

Kinyume chake ni kweli lakini: arei iliyopangika kutoka ndogo kwenda kubwa ni hipu halali tayari.

Kubwa kuliko zote iko wapi kwenye hipu ya ndogo juu?

Kwenye majani, yaani nodi zisizo na watoto, ambazo ni nusu ya pili ya arei kuanzia indeksi `n // 2`. Zaidi ya hapo hujui, unapitia hiyo nusu yote. Kama kazi yako inahitaji ndogo na kubwa zote mbili kila wakati, hipu moja siyo chombo chako.

Nina orodha tayari. Niingize kimoja kimoja?

Inafanya kazi ila kuna njia ya haraka zaidi, `heapq.heapify(orodha)`. Hiyo inaanza na nodi ya mwisho yenye mtoto, indeksi `n // 2 - 1`, inamshusha, inarudi nyuma moja, inamshusha, mpaka mzizi. Hipu yenyewe ilitoka kwa J. W. J. Williams mwaka 1964 alipotoa njia yake ya kupanga orodha, na hii ya kujenga kuanzia chini aliileta Robert Floyd mwaka huo huo.

Kwa nini inashinda? Chukua vitu 1023, mti uliojaa wa ngazi 10. Majani 512 hayana pa kushuka. Yanayofuata juu yake 256 yanashuka hatua moja tu hata hali ikiwa mbaya, 128 hatua mbili, na mzizi peke yake ndiyo unaweza kushuka hatua 9. Ukijumlisha zote ni hatua 1013, hazifiki hata idadi ya vitu vyenyewe. Ukiingiza kimoja kimoja mambo yanageuka, wale 512 wa chini, ambao ndio wengi, kila mmoja anaweza kupanda hatua 9, na jumla inaweza kufika 8194. Wengi watembee kidogo na wachache watembee sana, badala ya kinyume chake.

Hii ndiyo ile hipu ya memori?

Hapana. Ile ni eneo la memori ambako programu inaomba nafasi ikiwa inaendelea kukimbia. Jina tu limefanana.

Kwa nini Python inanilalamikia `'<' not supported between instances of 'dict' and 'dict'`?

Umeweka jozi ya muda na taarifa za mgonjwa, na wagonjwa wawili wamekutana na muda sawa. Jozi zikifungana kwenye cha kwanza Python inaenda kulinganisha cha pili, na `dict` mbili hazilinganishiki kwa ukubwa. Kosa hili ni la kuvizia, maana majaribio yako ya namba tofauti tofauti yatapita yote. Weka namba ya foleni katikati, inayoongezeka kila unapoingiza: `(muda, namba, taarifa)`. Utapata na faida ya pili, waliofungana watatoka kwa mpangilio walioingia, kitu ambacho hipu yenyewe haikuahidi.

Mgonjwa amebadilisha muda. Naweza kurekebisha namba yake humo humo ndani?

Ukirekebisha ukaacha hivyo, umeivunja. Tuchukue hipu ilipoishia, 15, 25, 18, 40, 31, 22, 55, na yule wa 40 kasogezwa mbele awe 10. Ukibadilisha indeksi 3 moja kwa moja:

```
15  25  18  10  31  22  55
```

Sasa toa mmoja mmoja mpaka iishe. Nimezifuata kwa mkono, zinatoka 15, 18, 22, 25, 10, 31, 55. Meseji ya dakika 10 imetoka baada ya ya dakika 25, na programu haijasema neno. Dalili yake ndiyo hiyo, mtiririko unaenda vizuri halafu ghafla kinatoka kitu kidogo kuliko kilichotangulia. Ukihisi hivyo kagua kwa hii:

```python
def iko_sawa(a):
    return all(a[(i-1)//2] <= a[i] for i in range(1, len(a)))
```

Kurekebisha ipasavyo ungeipandisha 10 kutoka pale ilipo kama tulivyopandisha 15, au uishushe kama muda umesogezwa nyuma. Hatua ni chache, tatizo ni kwamba lazima ujue iko indeksi ngapi, na tumeshaona hipu haijui kutafuta. Utahitaji kamusi ya pembeni inayofuatilia indeksi ya kila mgonjwa na kuibadilisha kila vitu vinapobadilishana.

Mimi nilichagua njia nyepesi: usiguse cha zamani, ingiza kipya chenye muda mpya, na cha zamani ukitupe siku kikifika juu.

```python
while foleni:
    muda, namba, mgonjwa = heapq.heappop(foleni)
    if miadi.get(mgonjwa) != muda:
        continue
    del miadi[mgonjwa]
    tuma(mgonjwa)
```

`miadi` ni kamusi inayoshika muda wa sasa wa kila mmoja (kwenye msimbo wa kweli utasubiri mpaka muda ufike kabla ya kutoa, hapo nimeacha ili isomeke). Hiyo `del` usiisahau, bila hiyo mtu aliyehama halafu akarudi kwenye muda wake ule ule atapata meseji mbili. Gharama yake ni kwamba vilivyokufa vinakaa ndani ya arei mpaka zamu yao ifike, na mahali ambapo watu wanahamisha miadi sana foleni inavimba. Nikiona `len(foleni)` imezidi mara mbili ya `len(miadi)` najenga upya kutoka kwenye `miadi` kwa `heapify`.

Kwa hiyo nitumie ipi?

Jiulize unauliza data yako maswali gani. Kama ni moja tu, "nani anafuata?", huku wapya wakiendelea kuingia, hipu. Foleni ya meseji ni hivyo, kutafuta njia fupi kwenye ramani ni hivyo.

Kama utauliza "yupo fulani humu?", au "nipe wote wa kati ya dakika 60 na 180", au "baada ya 31 anafuata nani?", hapo unahitaji mti wa kutafutia, hipu itakufanya upite arei nzima kila swali. Python haina mti wa kutafutia kwenye maktaba yake ya kawaida, wengi wanatumia orodha iliyopangwa pamoja na `bisect`, ambayo inatafuta haraka ila kila ukiingiza katikati inasukuma vilivyobaki. Kile kituo baadaye walitaka skrini ya pili, wachague saa na saa wapate miadi yote ya katikati. Hiyo sikuigusisha na hipu kabisa, niliiweka kwenye orodha ya `bisect` pembeni, hipu ikabaki na kazi yake ya kutoa anayefuata.